Safu Mbili Tupu

Mimi ni fundi cherehani, Kimisagara, kwenye kile kibanda cha mabati kinachotazama mtaro. Shule niliacha darasa la pili. Lakini namba nazijua kuliko wengi waliomaliza, kwa sababu ukikosea namba kwenye nguo, nguo inakusema mbele ya mwenyewe. Haya nayaandika kwa kuwa binti yangu mdogo ameniambia niyaandike. Nilimuuliza niandike nini, akasema, "Yale ya fishi. Yote. Na usijifiche."

Sawa. Sijifichi.

Fishi ni ile karatasi ya mgonjwa inayofungwa kwenye ubao miguuni pa kitanda. Hapa kwetu tunaiita hivyo tangu zamani. Juu yake wameandika siku, na chini ya kila siku kuna safu sita za saa: 6, 10, 14, 18, 22, 2. Ni saa za kizungu, zinaanza kuhesabiwa usiku wa manane. Pembeni kushoto kuna ngazi mbili za namba, moja ya joto, kuanzia 35 hadi 41, na nyingine ya mapigo ya moyo, kuanzia 40 hadi 160. Muuguzi akipima anaweka nukta ya buluu ya joto na nukta nyekundu ya mapigo kwenye safu ya saa ile, kisha anaziunganisha na nukta za nyuma kwa rula. Presha haichorwi. Inaandikwa kwa tarakimu chini kabisa, namba kubwa juu na ndogo chini.

Niliyajua haya kwa lazima. Binti yangu huyo mdogo, kitinda mimba, alijifungua kwa kupasuliwa. Mtoto wa kike, wa kwanza, mzima. Mumewe alikuwa kwenye ujenzi huko Gahanga, anakuja jioni tu na chakula, kwa hiyo mrwaza wa kukaa na mgonjwa mchana kutwa nilikuwa mimi. Siku ya pili joto likaanza kucheza, na binti yangu mkubwa akapiga simu.

Mkubwa ni muuguzi, Mwanza, ng'ambo ya ziwa. Aliolewa huko miaka mingi. Anaongea na mimi kwa heshima, lakini akiwa na nguo za kazi sauti inabadilika, anakuwa kama ananipangia zamu.

"Mama, kuna fishi kitandani?"

"Ipo."

"Ipige picha unitumie."

Nikapiga. Akaniambia haionekani, kivuli cha kichwa changu kimefunika siku nzima. Nikapiga nyingine. Hii akasema imelala upande, nukta za saa 14 zinaangukia saa 10. Nikamwambia fishi haijalala, ni yeye aliyelala. Akacheka, ila hakuacha.

"Mama, wewe unakata kitambaa kila siku. Ukikipinda kidogo si nguo inakwenda upande? Iweke fishi kitandani, bapa, karibu na dirisha. Simama juu yake. Simu iwe sawa kama unapiga pasi."

Hilo nililielewa. Picha ya tatu ilitoka imenyooka. Ila ikifika kwake, mtandao unaibana, vimiraba vinakuwa ukungu. Ndipo akaniambia niikuze picha kwenye simu yangu mwenyewe, nisome namba moja moja, nizipange kwenye jedwali na nimtumie jedwali.

"Upande wa kushoto saa, zishuke. Usizibadilishe kuwa saa zetu, andika ulivyoziona. Halafu joto, halafu mapigo, halafu presha. Basi."

Nikanunua daftari la miraba dukani nje ya geti. Nikakaa kwenye benchi la warwaza na pini yangu ya kichwa cheupe. Ile fishi, kati ya 37 na 38 kuna vimiraba vitano, kwa hiyo kimoja ni sehemu mbili za kumi za digrii. Upande wa mapigo, kati ya 80 na 100 vitano vilevile, kila kimoja ni mapigo manne. Ni mraba mmoja, lakini ukiufuata kwa ngazi hii ni joto, ukiufuata kwa ngazi ile ni mapigo. Mtu asiyezoea anachanganya. Mimi futi yangu ina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili, na sijawahi kumkatia mtu suruali ya sentimita thelathini kwa inchi. Nilikuwa naweka ncha ya pini kwenye kioo cha simu, juu ya nukta, naitelezesha kushoto hadi kwenye ngazi yake, nahesabu vimiraba, naandika.

Mkubwa alipopata jedwali la kwanza alilisoma lote. Kisha akasema, "Mama. Hii safi sana. Kuna wanafunzi wetu hapa hawawezi hivi."

"Wanafunzi wenu hawajashona."

"Kweli. Umeandika 37.4 kama unampima mtu kiuno."

Nilifurahi. Nitasema ukweli, nilifurahi kupita kiasi. Huyu mkubwa tangu asome amekuwa akinirekebisha. Nikiandika ujumbe ananirudishia herufi zangu zikiwa zimenyooshwa. Sasa nilikuwa na kitu ambacho hakuwa na cha kurekebisha. Nilikirudia siku ile hadi jioni, saa 10, saa 14, saa 18, kila wakipima napiga picha, naandika, natuma. Pale wodini mwanamke mmoja wa kitanda cha jirani akaanza kuniita daktari. "Dogiteri, na yangu uisome." Nikamwambia asubiri zamu.

Jioni hiyo ya siku ya pili, saa 18, nilisoma joto 37.6, mapigo 88, presha 110 kwa 70. Nikatuma. Warwaza wakatolewa, maana usiku tulikuwa tunalala kwenye jengo la nyuma, na wodi inabaki ya wauguzi.

Asubuhi nikaingia na uji. Binti yangu alikuwa ameegemea mto, midomo imekauka, mtoto kalala pembeni. Nikamuuliza ameamkaje.

"Mama, usiku nimetetemeka. Nimetetemeka mpaka kitanda kinalia. Meno yalikuwa yanagongana. Nilimwita muuguzi, hakusikia, alikuwa na mama mwingine kule chumba cha kujifungulia."

"Ulikuwa na baridi. Hujifuniki."

"Haikuwa baridi ya hivyo."

Nikamfunika. Nikachukua fishi, nikailaza bapa, nikasimama juu yake, nikapiga picha. Kisha nikatoka kwenye benchi na pini yangu.

Saa 6 ilikuwa na nukta. Joto 38.4. Mapigo 112. Presha 100 kwa 60. Safu ya 22 na safu ya 2 hazikuwa na kitu. Nukta hakuna, na chini kwenye presha ni vyumba viwili vyeupe. Lakini muuguzi wa asubuhi alikuwa ameunganisha jioni na asubuhi kwa rula, mstari wa buluu na mstari mwekundu, ikapita juu ya zile safu mbili kama daraja. Katikati ya pengo mwekundu ulikuwa umeuvuka wa buluu na kwenda juu.

Nilizitazama safu zile mbili muda mrefu. Sasa nisikilizwe vizuri hapa, maana hapa ndipo kosa lilipo, na si kosa la kutojua kusoma.

Mteja akiniletea vipimo vya mtoto wa miaka sita na vya mtoto wa miaka kumi, na mimi nina shughuli ya mtoto wa miaka minane, sihitaji kumwita huyo mtoto. Nachukua karatasi ya mdogo, nachukua ya mkubwa, napiga mstari kutoka kona hadi kona, na katikati ya mstari ndiyo nguo yake. Nimefanya hivyo miaka arobaini na watu wamevaa. Kwa hiyo nilipoona mistari imepita juu ya safu tupu, mkono ulikwenda wenyewe. Niliweka pini pale mstari wa buluu unapokata safu ya 22, nikahesabu: 37.8. Pale unapokata safu ya 2: 38.2. Mwekundu: 96, kisha 104. Kila kitu kinapanda vizuri, ngazi kwa ngazi.

Presha haikuwa na mstari. Hapo ningesimama. Hapo mkono haukwenda wenyewe, niliupeleka. Niliona jedwali langu lina matundu mawili, nikasikia mkubwa akisema, mbona hapa hukusoma? Nikaona aibu. Sijawahi kumpa mtu nguo yenye tundu. Nikachukua 110 kwa 70 ya jioni na 100 kwa 60 ya asubuhi, nikagawanya. Saa 22 nikaandika 107 kwa 67. Saa 2 nikaandika 103 kwa 63. Nikaweka hadi ile tatu na ile saba za mwisho, zionekane zimepimwa.

Nikatuma. Mkubwa akapiga mara moja.

"Mama, joto linapanda, silipendi. Na mapigo." Nikamsikia anasoma chini kwa chini. "Lakini linapanda polepole. Na wanampima kila baada ya saa nne, hata saa nane ya usiku wamempima. Kwa hiyo wanaliona. Daktari anapita saa ngapi?"

"Saa nne."

"Akifika aanze na yeye. Mwambie muuguzi hivyo. Mgonjwa mwenyewe anasemaje?"

Nitaandika nilivyosema, neno kwa neno. Nilisema, "Analalamika. Unamjua mdogo wako."

"Analalamika nini?"

"Baridi baridi tu."

Ni kweli mtoto huyu tangu zamani alikuwa wa kulia. Sindano alilia kabla haijatoka kwenye karatasi yake. Nilimlea kwa kumwambia anyamaze, na mara nyingi nilikuwa na haki. Nikarudi ndani. Alinishika mkono, mkono wake ulikuwa wa moto.

"Mama, waambie nilitetemeka."

"Nimeisoma fishi yako. Usiku ulikuwa thelathini na nane na kidogo. Mtu hatetemeki kitanda kikalia kwa thelathini na nane na kidogo. Karatasi haisemi hivyo."

Alinitazama. Akauachia mkono wangu, akageukia ukutani.

Muuguzi nilimwambia, ndiyo. Nilimwambia mgonjwa wangu aonwe wa kwanza. Alikuwa anakimbia na ndoo mkononi. "Yego, mukecuru, daktari akija." Yego ni ndiyo, na mukecuru ni bibi kizee, wanasema kwa heshima. Sikumfuata. Ningekuwa na wasiwasi ningemshika nguo. Sikuwa na wasiwasi, nilikuwa na jedwali.

Tangu saa moja asubuhi hadi saa nne nilikaa pale nikimlisha uji asioutaka.

Saa nne walipima. Safari hii sikuhitaji pini. Muuguzi aliangalia kipimajoto, akakirudisha, akakiangalia tena, akafunga mkanda wa presha mkononi mara mbili. Kisha akaita kwa sauti, jina la mtu mwingine, na watu wakaja. Joto 39.8. Mapigo 140. Presha 80 kwa 40. Binti yangu alikuwa anajibu maswali ambayo hakuna aliyemuuliza. Daktari, kijana mwenye miwani, alimminya tumbo, akainua shuka, akanusa, akasema mji wa mimba umeoza kwa ndani, sumu imeingia kwenye damu. Akaniuliza mimi:

"Alitetemeka usiku?"

Nikasema ndiyo.

"Ulimwambia nani?"

Nilimchukua mtoto wa mwanangu ili mikono ipate cha kushika, nikaangalia chini.

Walimtundikia maji na dawa pande zote mbili, wakampeleka chumba cha upasuaji. Nilibaki na kitanda. Kitanda kitupu kina ubao miguuni na fishi yake juu yake, hakuna aliyekumbuka kwenda nayo. Mtoto alilia, nikamlowanisha midomo. Mkubwa akapiga, nikamweleza walivyomkuta na alichouliza daktari.

"Mama, nitumie ile picha. Si jedwali. Picha ya asubuhi."

"Ile haionekani vizuri."

"Itume hivyo hivyo."

Nikaituma. Ukungu wa mtandao hauwezi kufanya nukta zionekane mahali ambapo hazipo. Akaanza kuipitia. Nilijua alipofika, kwa sababu pumzi yake ilibadilika.

"Mama. Ishirini na mbili na mbili. Hizi namba umezitoa wapi?"

"Kwenye mstari."

"Mstari si kipimo, Mama. Nukta ndiyo kipimo. Mstari ni wa kusaidia macho tu. Mtu anaweza kuwa na arobaini saa nane usiku na mstari usijue, kwa sababu hakuna aliyempima." Akarudi kwenye jedwali langu. "Na presha? Presha haina mstari."

Ningeweza kusema sikuona vizuri. Miwani yangu ni ya zamani, angeamini.

"Presha nimeitunga."

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisema polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia, "Kama ungeacha tupu ningejua hajapimwa kwa muda wa saa kumi na mbili. Mtu wa siku ya tatu baada ya kupasuliwa, thelathini na nane nukta nne, mapigo mia na kumi na mbili, saa kumi na mbili bila kupimwa. Nisingekwambia ngoja daktari. Ningekwambia piga kelele." Kisha akasema, "Na kutetemeka ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Simu ikakatika. Sijui kama ni mtandao. Sijamuuliza.

Walimtoa mji wa mimba. Ndivyo alivyopona. Yule wa kike ndiye wa kwanza na ndiye wa mwisho. Daktari alinieleza kwenye korido, mumewe amesimama pembeni yangu na mfuko wa chakula, viatu vina vumbi jekundu la Gahanga. Nilimuuliza daktari mbele yake, kwa sababu sikutaka kumuuliza kwa kificho: kama angeonwa saa moja badala ya saa nne, wangeuacha?

"Labda," alisema. "Labda hapana. Saa hizo tatu siwezi kukusomea, bibi. Na za usiku pia sisi tulizikosa. Muuguzi alikuwa mmoja."

Mkwe wangu aliniangalia mara moja tu. Akaingia kumwona mkewe.

Siku zilizofuata mkubwa aliendelea kutaka jedwali. Nilidhani ataniachisha kazi, hakuniachisha. Niliandika. Safu isiyo na nukta niliiwekea kistari, na nikipiga picha natuma vyote viwili. Mara mbili nilimfuata muuguzi hadi mlango wa stoo. "Dada, hapa saa 14 hakuna kitu." Mara ya kwanza alinikasirikia. "Sasa mukecuru ndiye mkuu wa wodi?" Lakini alikuja akapima. Mara ya pili alikuja bila maneno. Ubavuni nikaongeza safu moja ambayo fishi haina, ya maneno ya mgonjwa mwenyewe. Anaumwa wapi, amekula nini, ametetemeka au hakutetemeka. Mkubwa hakunisifu. Alianza tu kuisoma safu ile kwanza, kabla ya joto.

Siku ya tisa, binti yangu akiwa anakaa mwenyewe, aliniomba lile daftari. Nilikuwa nimelificha chini ya nguo za mtoto. Nikampa. Alipekua kurasa kwa kidole, akafika ile ya siku ya tatu, akashuka nayo. Sikuwa nimeichana. Kuchana ingekuwa kushona kiraka juu ya kiraka.

"Saa mbili," akasema. Alikuwa anasoma kizungu, ilivyoandikwa. "Saa hii ndiyo nilikuwa natetemeka. Nilisikia mlinzi akibadilishana na mwenzake. Hapa umeandika thelathini na nane nukta mbili."

"Ndiyo."

"Nilikuwa thelathini na nane nukta mbili?"

"Hapana."

"Nilikuwa ngapi?"

"Sijui, mwanangu. Hakuna anayejua. Nimeandika uongo."

Mtoto alikuwa ananyonya, tukamsikia anavyomeza. Binti yangu alinyoosha mkono, nikadhani anataka maji. Alitaka kalamu. Akaikata ile 38.2, akaikata 104, akaikata ile presha yangu ya 103 kwa 63, kila moja kwa mstari mmoja, hakufuta. Pembeni, kwa mwandiko wake uliokuwa bado unayumba, akaandika: nilitetemeka, nilimwambia Mama.

Akanirudishia daftari. Lipo kwenye kibanda, kwenye droo ya cherehani, chini ya futi. Watu wakija kupimwa huwa nawauliza sasa, wapi panawabana, kabla sijawawekea futi.